Mchoro wa Watu Bila Mwenye Mchoro

Mtu akiombwa achore watu anaowajua, mkono wake huanzia katikati ya karatasi. Huandika "mimi", hulizungushia neno hilo duara, kisha huanza kutoa mistari: mmoja kwa dada yake, mwingine kwa mkuu wake wa kazi, mwingine kwa rafiki wa chuoni, mpaka karatasi ijae. Mchoro wa namna hii hutolewa mara kwa mara katika mafunzo ya kutafuta kazi, na kasoro yake ni ileile kila mara. Mistari yote inaanzia mahali pamoja. Hakuna hata mmoja unaotoka kwa dada kwenda kwa mkuu wa kazi, wala unaotoka kwa rafiki kwenda kwa dada. Ukiufuta mchoro mzima na kuyapanga majina yale chini kwa chini kwenye daftari, hupotezi habari yoyote. Ni orodha iliyovishwa umbo la mchoro.

Kasoro hiyo ingekuwa ndogo kama mchoro ungekuwa pambo. Lakini watu huutumia kwa jambo zito: mtu yumo katika fani moja, anataka kuhamia nyingine, na anatafuta njia kati ya watu alionao. Anataka karatasi imwonyeshe watu wake wamejikusanya katika makundi gani, pengo liko wapi, na ni nani mwenye mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mambo haya yote yanahusu uhusiano wa wale wengine wao kwa wao. Umbo la jua lenye miale, ambamo mwenye mchoro ndiye jua, haliwezi kuyaonyesha.

Umbo lililo bora zaidi lina historia inayojulikana. Katika majira ya vuli ya mwaka 1932, kwenye shule ya marekebisho ya wasichana iliyokuwa mjini Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Idadi hiyo ilizidi mno ile ya kawaida. Daktari Jacob Moreno, mzaliwa wa Bukaresti aliyesomea Viena, alikuwa akifanya utafiti hapo pamoja na Helen Jennings. Wasichana walikuwa wameulizwa wangependa kuishi nyumba moja na nani, na majibu yao yalichorwa: kila msichana duara, kila uchaguzi mstari. Moreno alidai kwamba tabia ya msichana mmojammoja haikutosha kueleza utoro ule. Ulieleweka pale alipotazama mahali pa kila mmoja katika mistari, kwa kuwa mistari ndiyo iliyopitisha fikra ya kutoroka kutoka nyumba hadi nyumba. Mwezi wa Aprili 1933 gazeti la New York Times liliandika habari za michoro yake kama aina mpya ya jiografia.

Katika michoro ile Moreno hayumo. Yeye ndiye aliyeuliza na kuchora, lakini hakujiwekea duara. Ndiyo maana unaweza kuitazama na kuona hapa pamesongamana, pale pako wazi, na huyu mmoja anashikilia pande mbili. Anayechora watu wake mwenyewe hapati faida hiyo bure, maana yeye anahusiana na kila jina aliloliandika, la sivyo asingeliandika. Akijichora, anaunganisha kila kitu na kila kitu, na pengo lolote lililopo linafunikwa na mistari yake mwenyewe. Watafiti wa mitandao ya watu wanapochambua watu wa mtu mmoja, mara nyingi humwondoa kwanza huyo mtu ndipo wahesabu. Kwenye karatasi ni hatua rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoachwa na wengi.

Kuna umbo lingine linalopendwa, nalo linadanganya kwa namna yake. Ni la duara ndani ya duara. Robert Kahn na Toni Antonucci walilitumia mwaka 1980 walipokuwa wakichunguza jinsi watu wanavyotegemezana kadiri wanavyozeeka. Duara la ndani ni la watu ambao huwezi kufikiria maisha bila wao, la pili ni la walio karibu lakini si kwa kiasi hicho, na la tatu ni la wengine wenye umuhimu. Kwa swali lao umbo lilifaa kabisa. Mzee akiugua, wa duara la ndani ndiye anayekesha hospitalini. Tatizo linaanza pale umbo hilo linapoazimwa na anayetafuta njia ya kuingia fani ngeni. Jicho huvutwa katikati, na katikati wamekaa mke au mume, ndugu, na rafiki wa miaka mingi, watu wanaojua yaleyale unayoyajua. Wale wa pembeni wanasukumwa kwenye ukingo wa karatasi, na wengi wao hawafiki hata huko.

Mwaka 1974 Mark Granovetter alichapisha utafiti uliofanyika Newton, Massachusetts, kuhusu wanaume wenye kazi za kitaalamu, ufundi na uongozi waliokuwa wamebadili kazi. Kati ya wale waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema kwamba wakati ule walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kuliko hivyo lakini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Hesabu hizo zinatoka kwa watu 54, kwa hiyo zisibebeshwe uzito wa sheria. Maelezo yake kuhusu sababu ndiyo yanayodumu. Mimi nikiwa karibu sana na watu wawili, wao nao kuna uwezekano mkubwa watajuana, kwenye harusi, kwenye msiba, au sebuleni kwangu. Ukaribu hujaza mapengo. Ndiyo maana mstari unaovuka pengo, ambao ukikatwa pande mbili zinapotezana, mara nyingi huwa ule wa mtu unayekutana naye kwa nadra.

Sasa tuchukue karatasi ya manila, kadi ndogo, na mfano mmoja niliouunda ili hatua zote zionekane. Mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Morogoro amefundisha miaka tisa. Jioni amejifunza kutengeneza ramani kwa kompyuta, anaitumia QGIS vizuri, na anataka kuhamia katika kazi ya ramani za maji na ardhi. Hana mtu wa fani hiyo, au ndivyo anavyoamini.

Kosa la kwanza angelifanya kabla ya kugusa kalamu, kama angejiuliza: ninamjua nani katika fani hii? Swali hilo huleta jibu fupi, tena la kukatisha tamaa. Huanza na mwisho wa njia, kumbe anachokijua ni mwanzo wake. Afadhali ajiulize maswali kadhaa ya kawaida ambayo hayataji fani. Amefanya kazi na nani, amesoma na nani, amepanga nyumba moja na nani, nani humwomba msaada na wa jambo gani, anasali na nani, amewahi kukaa kamati gani. Kila swali huvuta watu wa upande wake. Mwalimu wetu anapata majina 29: 14 ya walimu wenzake na wafanyakazi wa shule, tisa ya ndugu na wakwe, matatu ya wanakwaya, na matatu ya waliosoma naye chuo.

Anaiweka orodha kabatini. Baada ya siku chache anaandika nyingine bila kuitazama ile ya kwanza, na safari hii anasaidiwa na kumbukumbu zilizo nje ya kichwa chake: majina ya kwenye simu, makundi ya Wasapu, na hasa daftari la michango ya harusi. Daftari hilo lina thamani ambayo sijaiona ikitajwa katika vitabu vya ushauri wa kazi. Limeandikwa kwa ajili ya jambo lingine kabisa, na kwa hiyo halikuchagua watu kwa kufuata fani wala cheo. Limo jina la bosi na la fundi gari, limo la jirani wa zamani aliyehama, na mbele ya kila jina kuna ahadi na kiasi kilichotolewa. Mtu aliyeahidi na akatimiza ameshaonyesha kwa vitendo kwamba kuna kitu kati yenu, hata kama hamjaonana tangu siku hiyo.

Orodha ya pili inaongeza majina saba: wanakwaya watatu, mwenzake mmoja wa chuo, na watu watatu wasio wa kundi lolote. Hao watatu ni fundi aliyekuja shuleni kutengeneza kompyuta, mzazi wa mwanafunzi wa zamani, na mwanafunzi wa zamani anayesoma upimaji Chuo Kikuu Ardhi. Kati ya hayo saba hakuna jina hata moja la mwalimu mwenzake wala la ndugu. Wa karibu hawasahauliki, hivyo orodha ya kwanza huwa imeshawamaliza. Hii ndiyo alama ya kutazama. Orodha ya pili ikiongeza majina machache tu tena ya kundi lilelile, kumbukumbu imekaribia mwisho wake. Ikiongeza wengi wa pembeni, basi pengo lililoonekana mwanzoni lilikuwa la kumbukumbu, wala halikuwa la watu.

Sasa ana kadi 36. Mwalimu mwenyewe hana kadi. Kazi inayofuata ni mistari, na mstari hauna maana mpaka uwe na kanuni. "Wanafahamiana" ni kanuni mbovu, kwa kuwa Morogoro mjini karibu kila mtu amewahi kumsikia mwenzake. Kanuni ninayoiona inafaa ni hii: chora mstari kati ya wawili ikiwa mmoja anaweza kumpigia mwenzake simu leo kwa shida yake mwenyewe, bila kupitia kwako. Ni kanuni unayoweza kuithibitisha au kuikanusha. Kadi 36 hutoa jozi 630, na hakuna mwenye subira ya kuzipitia zote moja moja, lakini hana haja. Huanza ndani ya kila kundi, kisha hutafuta jozi zinazovuka kutoka kundi hadi kundi, ambazo daima ni chache. Pale alipo na uhakika hutumia mstari kamili, na anapokisia hutumia nukta nukta.

Ukiusoma mchoro huo kwa kuanzia kundi la shule, unaona wingu jeusi la wino. Watu 14 wangeweza kuwa na mistari 91 kati yao, na hapa ipo 85. Mtaalamu wa jamii Ronald Burt, aliyeandika mwaka 1992 juu ya mapengo katika mitandao ya watu, alitoa njia ya kupima watu kama hao wana thamani ya watu wangapi kwa upande wa habari. Namna yake iliyorahisishwa inaweza kufanywa kwa penseli: chukua idadi ya watu, toa mistari iliyopo kati yao ikizidishwa mara mbili na kugawanywa kwa idadi ya watu.

```
14 - (2 x 85) / 14 = 1.86
```

Watu 14 ambao mwalimu huwaona kila siku wanamletea habari za watu wasiofika wawili. Nafasi ya kazi ikitangazwa na mmoja wao akasikia, wote watasikia kabla ya kengele ya mapumziko. Ndugu tisa nao wamesongamana kikamilifu: mistari 36 kati ya 36, na hesabu yao inatoa 1 kamili. Haina maana kwamba watu hao hawana faida kwake. Nafasi ikipotea, ndio watakaomlisha. Ila kwa swali lililo mezani, wino mwingi ndio mahali pa kutazama mwisho.

Kundi la waliosoma naye chuo hupotosha wachoraji wengi, kwa sababu jina lake linaahidi sana. Wanne walisoma jiografia pamoja, hivyo mtu angedhani ndio njia. Lakini wote wanne ni walimu, kila mmoja katika wilaya yake. Kadi nne, shughuli moja. Hapa karatasi inarekebisha dhana ambayo kichwa peke yake kisingeirekebisha: kufanana kwa masomo kumewaleta mahali pamoja palepale.

Bado upande wa pili wa karatasi ni mweupe, na hapa wachoraji wengi huandika jina la fani, hulizungushia duara kubwa, na kusubiri mistari ijitokeze. Fani haina simu. Haiajiri, haipokei barua, haina mhudumu mlangoni. Mwalimu anapaswa kuivunja katika mahali halisi ambapo kazi hiyo hufanyika karibu naye, na kila mahali pawe na sanduku lake. Morogoro haina uhaba wa mahali hapo. Iko Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi zake mjini humo. Iko idara ya ardhi ya halmashauri. Kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye watu wanaofanya utafiti wa misitu na udongo kwa kutumia ramani. Zipo kampuni binafsi za upimaji. Na wapo wachora ramani wa kujitolea wa OpenStreetMap, ambao Dar es Salaam walijulikana kwa mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Sanduku tano, kila moja na mlango wake.

Sasa anazishika kadi zake moja moja na kuuliza: nani, katika shughuli zake za kawaida, hupita katika mojawapo ya sanduku hizi? Kuuliza "nani anafanya kazi humo" kungewanasa walioajiriwa kwa cheo tu. Swali la kupita linamnasa pia anayepeleka vifaa, anayetengeneza kompyuta, anayepika, na mke wa mhasibu. Kwa mwalimu wetu, kadi tatu zinasogea. Mwanafunzi wa zamani anagusa kampuni za upimaji, kwa kuwa wenzake wa Ardhi huenda huko kwa mazoezi ya kazi. Fundi wa kompyuta anahudumia ofisi za halmashauri. Na mmoja wa wale wanakwaya watatu waliotoka kwenye daftari la michango, mwimba besi, ni dereva wa ofisi ya bonde la maji.

Nataka kukaa kwa dereva huyu, kwa sababu ndiye anayeonyesha nini umbo la mchoro linaona na nini halioni. Katika kundi la kwaya kadi yake haina tofauti na nyingine tano, nayo mistari yake ni ileile. Thamani yake yote iko katika mstari mmoja unaotoka nje. Ukimfunika kwa kidole gumba, sanduku la bonde la maji linakatika kabisa na watu wa mwalimu. Ukimfunika mwanakwaya mwingine yeyote, hakuna kinachokatika. Jaribio hili la kidole ndilo ninaloliamini kuliko hisia za "huyu ana koneksheni". Watu wenye sifa ya kujua kila mtu mara nyingi wamekaa katikati ya wingu la wino, na ukiwafunika, njia bado zipo kumi.

Lakini mstari hauonyeshi nguvu ya mtu. Eva Schiffer alipokuwa Ghana, akichunguza jinsi maji ya bonde la Volta Nyeupe yanavyosimamiwa, alibuni namna ya kuchora pamoja na watu wenyewe aliyoiita Net-Map. Nayo pia hufanyika juu ya karatasi kubwa, kwa kadi na kalamu za rangi. Rangi zilitofautisha kinachopita: fedha, amri, ushauri. Kisha juu ya kila kadi ulijengwa mnara wa vidude vya mviringo kuonyesha nguvu ya mhusika. Kwa hiyo nguvu na mistari vilitenganishwa, na mtu aliweza kuonekana akiwa na mistari mingi huku mnara wake ukiwa mfupi. Dereva wetu ndivyo alivyo. Anawabeba maofisa wote, anajua nani yuko uwandani na nani amehamishwa, na hana sauti katika kuajiri. Mwalimu akiuchora mstari wake kwa rangi moja tu, ataenda kumwomba kazi, naye dereva ataona aibu kwa kuwa hana cha kutoa. Akiuchora kwa rangi ya habari, ataenda na swali ambalo dereva analijibu vizuri kuliko mkurugenzi.

Kuna jambo lingine ambalo wino hulificha. Njia ya mwalimu ina vipande viwili, kutoka kwake hadi kwa dereva, na kutoka kwa dereva hadi kwa ofisa wa ramani, na ni rahisi kuvisoma kana kwamba ni sawa. Lakini cha kwanza mwalimu anakijua mwenyewe, na cha pili amekikisia. Huenda dereva na ofisa huyo hawasalimiani. Yanjie Bian alichunguza jinsi kazi zilivyopatikana mjini Tianjin, China, kutokana na mahojiano ya mwaka 1988, wakati serikali ndiyo iliyogawa kazi. Aligundua kwamba mtafuta kazi na mwenye uwezo wa kumsaidia mara nyingi hawakujuana, ila walishikwa na mtu wa kati aliyekuwa na uhusiano imara na wote wawili. Pale kilichohitajika kilikuwa zaidi ya habari. Alihitajika mtu wa kusema neno kwa ajili yako na kubeba lawama ukiharibu. Daraja la namna hiyo haliwezi kuwa hafifu upande wowote.

Utafiti wa Newton na ule wa Tianjin huonekana kupingana, na wengine huamua kuchagua mmoja. Mimi naona kwamba kila mmoja unasoma rangi yake. Kwa habari, mtu wa mbali anatosha. Kwa udhamini, urefu wa njia si hoja sana, hoja ni uimara wa kila kipande chake. Katika ofisi nyingi za kwetu, ajira rasmi hutangazwa na kila mtu anaweza kuomba, lakini vibarua vya miezi mitatu vya kukusanya takwimu huanza kwa swali la mdomo: tunamjua nani anayeweza? Vibarua hivyo ndivyo mlango wa mwalimu, navyo vinahitaji rangi zote mbili. Kwa hiyo kipande cha pili cha njia yake, kutoka kwa dereva kwenda ndani, kibaki nukta nukta mpaka atakapopata la kukithibitisha.

Mchoro una mipaka mingine isiyorekebishwa na kalamu. Umbali kati ya kadi hauna maana, kwani mwalimu ndiye aliyeziweka hapo. Akimweka shemeji yake karibu na sanduku la halmashauri kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi, kesho jicho lake litamwambia shemeji ana mkono halmashauri. Dawa ni kuchora upya kwenye karatasi nyingine, kuanzia na sanduku, na kuona kama umbo lilelile linarudi. Isitoshe, mchoro huu una siri za watu. Kundi la shule lenye mistari 85 badala ya 91 linamwonyesha yeyote atakayelitazama ni walimu gani hawasemezani. Afadhali kadi zibebe herufi badala ya majina, na karatasi isipigwe picha na kurushwa popote.

Sanduku mbili zimebaki bila mstari wowote, la Chuo Kikuu cha Sokoine na la wachora ramani wa kujitolea. Mtu angeziita zote mapengo, lakini zinasomeka tofauti. Kwa wachora ramani wa kujitolea hahitaji daraja lolote. Mtu hujiunga mwenyewe, huchora mtaa wake, na kazi yake huonekana kwa wote. Mwalimu anaweza kuwa na kadi tatu mpya huko kabla ya mwezi kwisha, tena za watu waliokwisha kuiona kazi yake. Pengo la chuo ni la kweli. Kumtafuta mtu wa kumvusha kutoka katika orodha ya sasa kutampotezea muda, kwa sababu jaribio la kidole halina hata kadi moja ya kufunika. Mimi ningemshauri aliache, alirudie baada ya sanduku la maji kufunguka, maana watafiti wa chuo na watu wa bonde wana sababu zao za kukutana.

Anaanza na dereva, baada ya mazoezi ya kwaya, bila barua wala wasifu wa kazi. Swali lake lina umbo linalotokana na mchoro. Mnapokwenda kupima visima kiangazi, nani huandika mahali kisima kilipo, na mkirudi ofisini nani huzigeuza namba hizo kuwa ramani? Dereva anaweza kujibu kwamba wanaoandika ni vijana wa muda wanaochukuliwa kwa msimu, na kwamba ramani hutengenezwa na ofisa mmoja ambaye msimu uliopita alichelewa kwa sababu alikuwa peke yake. Anaweza pia kusema kwamba ofisa huyo hamfahamu zaidi ya kumfungulia mlango wa gari, ila msimamizi wa vijana wa muda ni jirani yake na watoto wao wanasoma pamoja.

Jibu kama hilo linabadilisha karatasi usiku uleule. Sanduku la bonde la maji linaondolewa na mahali pake panawekwa kadi mbili, ya ofisa na ya msimamizi. Mstari wa nukta kutoka kwa dereva hadi kwa ofisa unafutwa. Mstari kamili unachorwa kutoka kwa dereva hadi kwa msimamizi, kwa rangi zote mbili. Kati ya msimamizi na ofisa unawekwa wa nukta, na pembeni yake mwalimu anaandika swali la kuuliza safari ijayo: msimamizi ndiye anayempelekea ofisa zile namba, au zinapitia kwa mtu mwingine?